"Vitenge, marobota 40" si maelezo ya bidhaa
(Mhadhara kwa mawakala wa forodha, Lubumbashi)

Wababa na wamama, mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalirudia. Fakitire ya muuzaji imetoka Dar es Salaam, imeandikwa "vitenge, marobota 40". Wakala analihamisha neno lilelile kwenye Kifaransa, kisha anapeleka faili mpakani Kasumbalesa. Sasa afisa wa duane apange kodi ya kitu gani? Kitenge cha pamba kina sura yake kwenye tarifa ya forodha, cha poliesta kina nyingine, na kwa macho tu vinafanana.

Someni namba 5208 ya tarifa yenyewe: vitambaa vya kufumwa vya pamba, pamba isiyopungua asilimia 85 ya uzito, uzito usiozidi gramu 200 kwa mita ya mraba. Wengine wananiandikia "chini ya gramu 200". Haya, kitambaa cha gramu 200 kamili kiende wapi? 5209 haikitaki, maana yenyewe inaanzia juu ya 200. Mumekiacha barabarani!

Ndani ya 5208 kuna mistari inayoanza na vistari. Penye kistari kimoja pameandikwa "vilivyochapwa". Chini yake, penye vistari viwili, ufumaji wa kawaida, uzito unaozidi gramu 100. Hiyo ni 5208.52. Mstari huo wa mwisho hautaji pamba wala chapa, kwa sababu mistari ya juu imekwisha kuvitaja. Ndiyo maana nakasirika nikikuta kisanduku cha 31 cha fomu ya tamko la forodha kimejazwa "nyingine". Mtu amenakili mstari wa mwisho wa tarifa! Nyingine kuliko zipi? Namba ina mahali pake, kisanduku cha 33. Kwenye 31 elezeni mzigo: vitambaa vya pamba 100%, ufumaji wa kawaida, vilivyochapwa, gramu 140 kwa mita ya mraba.

Najua mtaniambia fakitire haikusema hayo yote. Basi mpigieni muuzaji, msijitungie. Uzito mnaweza kuukagua wenyewe: kateni kipande cha sentimita 10 kwa 10, mkiweke kwenye mizani ya dhahabu, kikisoma gramu 1.4, hiyo ni 140 kwa mita ya mraba. Uzi wa pamba ukiuchoma unanuka karatasi, wa poliesta unayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ila moto hautawapa asilimia ya mchanganyiko. Hapo ni maabara.

Asili ya bidhaa niiseme upesi, naona mwenyekiti anatazama saa. Muuzaji ameandika "mzigo umetoka Tanzania". Umetengenezwa huko, au umepakiwa huko tu? Kitenge kilichofumwa na kuchapwa China, kikafunguliwa na kufungwa upya Kariakoo, asili yake bado ni China. Tanzania inaingia kisanduku cha 15, nchi iliyosafirisha; China inaingia cha 16. Muulizeni kiwanda kiko nchi gani kabla hamjagusa cha 16, na kama hakuna cheti cha asili, msiombe nafuu ya kodi.