Kabla Mkopo Haujafika: Jinsi ya Kupima Kama Kipato Kimepanda

Ndugu zangu, leo nitakaa na mfano mmoja tu, wa Thailand. Mwaka 2001 serikali ya Waziri Mkuu Thaksin Shinawatra iliamua kupeleka baht milioni moja katika kila kijiji, ziwe mfuko wa kukopeshana unaoendeshwa na kamati ya wanakijiji wenyewe. Vijiji vilikuwa takriban 77,000. Swali letu ni hili: je, kipato cha kaya kilipanda kwa sababu ya mfuko ule?

Njia ya haraka ni kuchukua kipato cha 2003 na kutoa cha 2001. Hapo utajidanganya. Julai 1997 sarafu ya baht iliporomoka na uchumi ukaanguka nayo, kwa hiyo miaka ya mfuko ilikuwa pia miaka ya nchi kuinuka. Kaya ingeweza kupata nafuu hata bila senti ya mkopo.

Njia ya pili ni kulinganisha waliokopa na wasiokopa. Nayo ina kasoro, maana anayekimbilia mkopo mara nyingi ni yule ambaye duka lake tayari limeanza kuchangamka. Ukuaji aliokuja nao tutauandikia mkopo.

Wachumi Joseph Kaboski na Robert Townsend waliona mlango mwingine. Kila kijiji kilipewa kiasi kilekile, kiwe kikubwa au kidogo. Kijiji cha kaya 50 kilipata baht 20,000 kwa kaya, na cha kaya 250 kilipata 4,000. Ukubwa wa kijiji haukuchaguliwa na mkopaji. Basi tunalinganisha mabadiliko ya vijiji vidogo na mabadiliko ya vijiji vikubwa, na hiyo ndiyo tofauti ya tofauti.

Tufanye hesabu kwa namba nilizotunga ili zieleweke. Tuseme vijiji vidogo vilikuwa na kipato cha baht 76,000 kwa kaya mwaka 2001, vikafika 86,000 mwaka 2003: ongezeko 10,000. Vikubwa vilitoka 86,000 hadi 93,000: ongezeko 7,000. Ile 7,000 tunaichukua kuwa ni nafuu ambayo ingekuja tu. Inayobaki ni 3,000, nayo ni matokeo ya zile baht 16,000 za ziada kwa kaya. Si matokeo ya mfuko mzima, kwa sababu vijiji vikubwa navyo vilipata.

Angalieni kwamba vijiji vidogo vilianza chini, na hilo halituharibii kitu. Tunachodai ni kwamba bila mfuko, makundi yote mawili yangepanda kwa hatua zilezile. Hiyo ndiyo mielekeo sambamba, na hapa ndipo tathmini nyingi zinapokufa.

Tunaikaguaje? Turudi nyuma. Utafiti wa Townsend ulianza kuhoji kaya Mei 1997, na vijiji 64 katika majimbo manne vikafuatwa kila mwaka, kwa hiyo kuna miaka kadhaa kabla ya mfuko. Tuseme mwaka 1999 vidogo vilikuwa na 70,000 na vikubwa 80,000. Kufikia 2001 kila upande umeongeza 6,000. Safi. Lakini tuseme vidogo vilikuwa na 68,000. Basi vimeongeza 8,000 dhidi ya 6,000, na pengo la 2,000 limejitokeza kabla mkopo haujafika. Mwendo huo ukiendelea, katika ile 3,000 yetu mkopo unabaki na 1,000.

Niliwahi kuletewa data za mradi wa kukopesha akina mama wenye magenge: raundi moja ya kuhoji kabla ya mkopo, moja baada. Wenyewe waliniomba niwathibitishie usambamba. Haiwezekani. Kwa nukta moja ya kabla huwezi kuchora mwelekeo wowote. Ndiyo maana nawasihi muanze kuhoji kaya mapema, angalau raundi tatu kabla ya fedha kutoka.

Hata mkiwa nazo, kuweni waangalifu. Kipato cha mkulima kinayumba sana. Mvua ikikosea, au mhoji mmoja akisahau kuhesabu mpunga uliobaki ghalani kwa chakula, namba zinaruka. Kwa vijiji 64, jaribio linaweza kusema "hakuna tofauti" kwa sababu tu haliwezi kuiona. Tazameni upana wa kiwango cha makosa, yaani kutoka wapi hadi wapi pengo la kweli linaweza kuwa: kama pengo la 2,000 linaingia humo ndani, ukaguzi haujawatoa shaka. Na makosa hayo yakokotolewe kwa kijiji, si kwa kaya, kwani kaya za kijiji kimoja hunyeshewa mvua moja.

Kaboski na Townsend walikuta ukuaji wa kipato kweli umeongezeka, hasa kutoka biashara na vibarua, na ujira ukapanda pia. Ujira ukipanda, jirani asiyekopa naye ananufaika, na hapo mnaona kwa nini ulinganisho ulifanywa kati ya vijiji.