Nakala Iliyobaki Kayole

Mama, baba mdogo, shangazi zangu, ndugu na majirani wa Kayole, nimesimama kutoa shukrani, ingawa mnaonijua mnafahamu kwamba shukrani zangu siku hizi haziji bila somo moja, nami nitalirudia hata kama mmelichoka.

Mlinipokea katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, mama akanishika uso kwa mikono miwili asiweze kusema lolote, na wapwa niliowaacha wakinyonya wakanizidi kimo. Nimeshukuru sana. Hata hivyo, leo ninamshukuru hasa mdogo wangu, kwa sababu ya karatasi alizozitunza.

Nilipokwenda Riyadh kufanya kazi za nyumbani, yeye alibaki na nakala za pasipoti, kitambulisho na mkataba wangu, pamoja na namba ya simu ya kafili, yaani mwajiri aliyenidhamini. Pasipoti yenyewe ilichukuliwa nilipofika. Ikama, yaani kibali cha ukaazi, hushughulikiwa na mwajiri. Wangu aliiacha ikaisha muda, na nilipoondoka kwake kwa kunyimwa mshahara, aliripoti kwamba nimetoroka. Mtu aliyeripotiwa hivyo hawezi kukata tiketi akaenda zake, kwani anahitaji ruhusa ya kutoka nchini, na kabla ya ruhusa hiyo awe na hati ya kusafiria.

Ubalozi wetu hutoa hati ya dharura kwa asiye na pasipoti, lakini sharti uridhike kwanza kwamba mwombaji ni Mkenya. Mdogo wangu alituma zile nakala, na namba zilizokuwamo zikawawezesha maofisa kuthibitisha habari zangu Nairobi. Mwenzangu mmoja, ambaye kwao hapakuwa na karatasi hata moja, nilimwacha akingoja ndugu zake wakatafute cheti chake cha kuzaliwa. Sisemi kwamba nakala humfungulia mtu mpaka: ruhusa ilikuwa ya serikali ya Saudia, nami nilichukuliwa alama za vidole na kupitia kituo cha kuwarejesha wageni kama wengine.

Najua kijana mmoja hapo nyuma anasema kwamba yeye ameweka kila kitu kwenye simu. Simu yako itakuwa mikononi mwa nani, mwanangu, siku mwajiri atakapoitaka? Mwingine ataniambia kwamba sheria za kazi za Saudia zilirekebishwa mwaka 2021. Ni kweli, lakini mageuzi yale ya kubadili mwajiri na kutoka nchini hayakuwagusa wafanyakazi wa nyumbani.

Nilitaka pia kuzungumzia pesa tunazotuma, lakini naona chakula kimeiva na mama ananitazama. Mdogo wangu, simama wakuone. Ahsante. Nanyi wawili mnaosafiri mwezi ujao, mpeni pasipoti zenu sasa hivi azitolee nakala kabla hamjaketi kula.