Barua ya kuomba kazi ya fundi wa kompyuta: simulia hitilafu moja

Jambo ndugu zangu wa Bukavu na kwingineko. Leo tunaandika barua ya kuomba kazi ya kuhudumia watumiaji wa kompyuta. Tangazo likidai Kifaransa, andika Kifaransa. Mpangilio ni huu huu.

Juu weka jina, simu, tarehe na kazi unayoomba. Hapo tusikawie.

Sasa tazama sentensi hii: "Nina subira na ninajua kutatua matatizo." Ifute. Kila mwombaji anaiandika, na anayeajiri hana namna ya kuipima. Mahali pake simulia hitilafu moja uliyoitengeneza kweli.

Anza na maneno ya mtumiaji mwenyewe, usiyageuze ya kifundi. Mfano: "Mama mhasibu wa ofisi moja ya Ibanda alinipigia simu akisema intaneti imekufa. Nilimuuliza kama wenzake wanaipata. Wanaipata." Swali hilo fupi linaonyesha hukukimbilia kuzima ruta na kuwakatia watu wote kazi.

Endelea: "Nilimwomba afungue dirisha la amri, nikamtajia herufi moja moja:"

```
ipconfig
```

"Mara ya kwanza aliandika kwa k, nikamtajia tena. Akanisomea maneno 'Media disconnected'." Hapa ongeza mstari wa maelezo, maana anayesoma barua huenda si fundi: Windows huandika hivyo kadi ya mtandao isipohisi muunganisho wowote kwenye waya. Kwa kuwa wenzake wako sawa, shida inatafutwa kati ya mashine yake na swichi.

"Nilimuuliza kama pale waya unapoingia nyuma ya mashine kuna kataa kanakowaka. Hakuna. Akachomeka waya wa jirani yake, kakawaka." Basi kadi ya mtandao ni nzima. Lakini usiandike bado kwamba kebo ndiyo mbovu, kwani waya wa jirani unatoka kwenye tundu lingine la swichi. Fundi mwenzako ataliona pengo hilo mara moja. Maliza hivi: "Nilipofika nilikuta kebo imebanwa na mguu wa meza. Niliweka nyingine kwenye tundu lilelile, na mashine ikapata anwani 192.168.1.24."

Umeona subira ilipo? Iko kwenye herufi moja moja, na kwenye kuuliza habari za taa badala ya kumtajia mama wa watu majina ya vifaa. Neno lenyewe halimo kabisa.

Jina la ofisi usilitaje. Mambo ya ndani ya mteja si ya kutangaza. Barua isizidi ukurasa mmoja. Weka saini, ihifadhi kama PDF, itume.

Kisha jiandae, kwa sababu kwenye mahojiano watakuuliza: taa ingekuwa inawaka, ungefanya nini? Mimi ningejibu kwamba ningeanza kwa kuomba anwani upya:

```
ipconfig /release
ipconfig /renew
```