Kabla ya Kuchapa Picha ya Mwenzako: Barua ya Kuomba Ruhusa

Ndugu zangu, leo nitazungumzia picha moja tu. Mwaka juzi nilikuwa nahariri kitabu cha kumbukumbu cha shule moja ya sekondari huku Bara. Mwalimu mkuu mstaafu alituletea kipande cha gazeti cha mwaka 1978: wanafunzi wanachimba msingi wa bweni, majembe hewani, vumbi tele. Chini yake pameandikwa "Picha na Mpigapicha Wetu".

Mzee akasema, "Chapeni tu, kipande ni changu." Kipande kweli ni chake, lakini picha si yake. Kumiliki karatasi ni jambo moja, na kuwa na haki ya kuichapa upya ni jambo jingine. Kwa sheria ya hakimiliki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999, haki hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo picha ya 1978 bado ina mwenyewe. Zanzibar wana sheria yao na ofisi yao, COSOZA, kama Bara walivyo na COSOTA. Kitabu kikihusu pande zote mbili, ulizeni kote.

Tukaliandikia gazeti. Barua ya kwanza aliyoiandika kijana wetu ilisema: "Tunaomba kutumia picha yenu ya wanafunzi katika kitabu chetu." Niliirudisha. Mtunza maktaba ya gazeti ana maelfu ya picha za wanafunzi, ataanzia wapi? Na "kutumia" maana yake nini? Kalenda nayo ni matumizi, fulana nayo ni matumizi.

Tuliiandika upya hivi: "Tunaomba ruhusa ya kuchapa tena picha iliyotoka katika gazeti lenu, toleo la tarehe 14 Machi 1978, ukurasa wa 5, juu kulia. Nakala yake tumeiambatisha. Itatokea mara moja, ndani ya kitabu, kwa ukubwa wa nusu ukurasa, nyeusi na nyeupe, bila kukatwa. Kitabu ni cha Kiswahili, cha karatasi tu, nakala 800, kitauzwa Tanzania kwa shilingi 15,000. Kinakwenda kiwandani mwezi Septemba."

Bei msiifiche. Anayetoa ruhusa bure kwa kijitabu cha kugawa huenda akataka malipo kwa kitabu cha kuuzwa, na ni haki yake. Akigundua baadaye dukani, mmeshaharibu.

Kisha tukapendekeza maneno ya utambulisho na kuwaomba wayasahihishe. Hapa ndipo wengi wetu tunapochanganya. "Picha na" humtaja aliyebonyeza kamera. "Kwa hisani ya" humtaja aliyetupatia, yaani gazeti, maktaba au familia. Siku hizi naona "Picha kwa hisani ya mtandao". Mtandao haujawahi kumfanyia mtu hisani! Maneno hayo yanatangaza kwamba mchapishaji hakumtafuta mwenyewe.

Gazeti lilijibu baada ya wiki tatu, tena baada ya kukumbushwa mara mbili. Kimya hatukukihesabu kuwa ndiyo. Walisema yule "Mpigapicha Wetu" hakuwa mwajiriwa. Alikuwa mwandishi wa kujitegemea mkoani, akilipwa kwa kila picha iliyotoka. Angekuwa mwajiriwa, kwa kawaida haki ingekuwa ya gazeti, mkataba usiposema vinginevyo. Yeye haki alibaki nayo, na alikuwa amefariki, kwa hiyo tukawatafuta warithi.

Mwanawe wa kiume alijibu kwa ujumbe wa simu: "Hamna shida, endeleeni." Nilishukuru, nikampelekea barua ileile aisaini, kwa sababu "endeleeni" haielezi nakala ngapi wala ukurasa gani. Akasaini, kwa niaba ya ndugu zake waliokubaliana. Hakutaka fedha. Alitaka nakala mbili, na majina ya baba yake yaandikwe yote matatu.

Basi nikadhani tumemaliza. Mwezi Agosti msanifu akaleta jalada, na picha ileile imejaa jalada zima, imetiwa rangi ya kahawia. Ilipendeza, sikatai! Lakini ruhusa yetu ilisema ndani, nusu ukurasa, nyeusi na nyeupe. Jalada ndilo linalouza kitabu, na wenye picha wengi hulitoza zaidi. Nikampigia yule mwana wa mpigapicha, nikamtumia jalada alione. Akasema jalada sawa, ila rangi iondolewe, kwa kuwa baba yake alipiga nyeusi na nyeupe. Tukaiondoa, akasaini karatasi ya pili.

Nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu tuliandika mstari mmoja: picha ya jalada na marehemu, majina yake matatu kamili, 1978, imechapwa tena kwa ruhusa ya familia, nakala ya gazeti kwa hisani ya mwalimu mkuu mstaafu. Yule mzee aliposoma jina lake pale, aliacha kulalamika kwamba kipande ni chake.