Mkasi upite wapi: kufupisha maelezo ya jalada la nyuma

Nimeombwa nizungumzie blabu, yale maelezo ya jalada la nyuma, na nitakaa kwenye jambo moja: mkasi upite wapi. Mwandishi akiambiwa maelezo yake ni marefu, mara nyingi huanza kuchomoa vivumishi. Akimaliza, anabaki na muhtasari uleule, umekonda tu, kwa sababu kosa halikuwa kwenye vivumishi. Amesimulia riwaya nzima.

Sikilizeni rasimu hii. Nimeitunga kwa ajili ya leo. Riwaya yenyewe haipo.

"Zaina alilelewa na mama yake, Bi Salma, baada ya baba yake, Mzee Hamadi, kufungwa kwa kosa la mauaji. Alisoma kwa taabu hadi akawa karani wa mahakama, ambako alipendana na wakili Idrisa. Siku moja anakuta faili la kesi ya baba yake na kugundua kwamba shahidi mkuu alikuwa mama yake mwenyewe. Akisaidiwa na Idrisa anaanza kuusaka ukweli, bila kujua kwamba mama alisema uongo ili kumwokoa kaka yake, Juma. Hii ni hadithi ya mapenzi, usaliti na msamaha, inayotuonyesha kwamba damu nzito kuliko maji."

Kabla ya kufuta neno, chukua kalamu uandike kando ya kila tukio namba ya sura linamotokea. Tuseme riwaya ina sura 24. Faili linapatikana sura ya 2. Uongo wa mama unafichuka sura ya 21. Mimi hukata chochote kilichopita robo ya kwanza ya kitabu, yaani hapa sura ya 6. Wengine watashtuka nikiliacha jina la mama kwenye faili, wakidhani ndiyo siri yenyewe. Siyo. Msomaji atalikuta mapema mno. Hicho ni chambo.

Siri inavuja kwingine. Tazameni "bila kujua kwamba". Mwandishi anamficha Zaina, huku akimwambia msomaji kila kitu! Neno "msamaha" nalo limeshatangaza jinsi ugomvi utakavyoisha. Na ile methali, ambayo kila mtu huiona pambo, ni hukumu: tumeshaambiwa Zaina atachagua upande gani.

Halafu majina. Yako matano, na msomaji aliyesimama dukani hamjui hata mmoja wao. Bakiza Zaina. Baba na mama wanatosha kuitwa baba na mama. Idrisa aende, hata kama mapenzi yake yamekula sura nane. Ukimtoa, swali kuu la kitabu halitikisiki.

Sasa jambo linalowashangaza wengi: katika kufupisha, wakati mwingine unaongeza. Rasimu haikutaja kwamba katika sura ya 4 mahakama inatoa amri mafaili ya zamani yateketezwe baada ya siku 30. Mwandishi aliona ni jambo dogo la ofisini, kumbe ndilo linalomnyima Zaina nafasi ya kungoja. Lakini liongezwe kwa sababu limo kitabuni. Usibuni hatari ambayo msomaji hataikuta ndani.

Jirani mtakayemsikia sasa naye yumo kitabuni, ingawa rasimu ilimruka. Tunapata hivi:

"Zaina alikua akiambiwa kwamba jirani ndiye aliyemtia baba yake gerezani. Sasa ni karani wa mahakama, na faili la kesi ile liko mikononi mwake. Jina la shahidi si la jirani. Ni la mama yake. Zimebaki siku 30 mafaili ya zamani yateketezwe. Akilipeleka hili mbele, huenda baba akatoka. Na mama aliyemlea huenda akaingia."

Hayafiki maneno 60. Sikumalizia na "Je, atafanikiwa?" kwa kuwa swali hilo hujijibu lenyewe, wahusika wakuu hufanikiwa. Hapa njia zote mbili zina hasara, na hilo ndilo linalomfanya mtu afungue ukurasa wa kwanza.

Unaweza pia kukata kupita kiasi. "Familia moja. Siri moja. Ukweli usiozikika." Ni fupi, ndiyo, lakini yabandike kwenye riwaya kumi tofauti uone kama hayatazienea zote.

Ukitaka kuyapima, mpe mtu asiyekijua kitabu chako, kisha umuulize mawili: Zaina anataka nini, na unadhani itaishaje? Akishindwa la kwanza, umekata mno. Akilipatia la pili bila kusita, mwambie akuonyeshe neno lililomwambia, kwa sababu mara nyingi ni neno moja tu. Na usimpe rafiki aliyesoma mswada. Huyo hujazia mapengo kwa anayoyajua, naye atakwambia maelezo yako yako sawa.