Programu ya kudarizi haioni kifunguo cha leseni: anza na taa, malizia na Remote Desktop

Habari zenu watazamaji, karibuni tena hapa Mtwara mjini. Msimu wa sare umefika, oda za nembo za shule zinamiminika, halafu programu ya kuchora darizi inagoma. Inasema haioni kifunguo. Kifunguo chenyewe ndicho hiki, kinafanana na fleshi, na hiki changu ni cha aina ya Sentinel HL. Sogeza kamera, mdogo wangu, waone taa.

Ukikichomeka na taa ikawaka, kompyuta imekitambua. Isipowaka, shida ni tundu la USB au draiva. Jaribu kwanza tundu la nyuma ya kompyuta, moja kwa moja, bila kigawanyio. Vile vigawanyio visivyo na waya wa umeme vinagawana umeme wa tundu moja, ukiongeza kipanya na diski ya nje kifunguo kinazimika katikati ya kazi.

Sasa draiva. Sikilizeni hapa vizuri: chomoa kifunguo kwanza. Kuna kijana wa jirani aliendesha kisakinishi kifunguo kikiwa ndani, Windows ikakishika na draiva yake ya zamani, tukapoteza asubuhi nzima. Kimechomolewa? Haya. Fungua Command Prompt kwa Run as administrator, nenda kwenye folda ya draiva, andika:

```
haspdinst.exe -fr -kp
haspdinst.exe -i
```

Mstari wa kwanza unafuta draiva ya zamani, wa pili unaweka mpya. Bado usichomeke! Subiri ujumbe kwamba imekamilika, ndipo uchomeke. Narudia: kifunguo nje mpaka ujumbe utokee.

Fungua kivinjari, andika `http://localhost:1947`, bofya Sentinel Keys. Hiki hapa kimeonekana. Ukibofya Blink on kinapepesa, na mimi napenda kufanya hivyo kila mara ili nijue ni kifunguo kipi, maana dukani tuna zaidi ya kimoja.

Ngoja, ngoja. Kamera, rudi. Taa imezimika, mnaona? Hatujagusa kitu. Huo ni umeme wa tundu, Windows imelilaza ili kubana matumizi. Vizuri limetokea mbele yenu. Fungua Device Manager, tafuta USB Root Hub, bofya kulia, Properties, kisha Power Management. Toa alama kwenye Allow the computer to turn off this device to save power. Zikiwa nyingi, fanya kwa kila moja. Halafu kwenye mipangilio ya umeme, weka USB selective suspend kuwa Disabled. Chomoa, chomeka. Imewaka.

Sasa tufike pale panapowasumbua wengi. Dada yangu yuko Masasi, anaingia kwenye kompyuta hii kwa Remote Desktop ili amalizie nembo. Akifungua programu, inatoka H0027. Mimi hapa dukani ukurasa wa 1947 unaonyesha kifunguo, taa inawaka. Basi draiva haina kosa, usiiguse tena! Namba hiyo inamaanisha programu imegundua imefunguliwa kupitia Remote Desktop, na leseni ya mtu mmoja imewekewa kizuizi hicho makusudi, ili kifunguo kimoja kisitumiwe na watu wengi kwa mbali.

Wengine wanadhani dawa ni kuchomeka kifunguo kwenye leptopu ya Masasi na kukipitisha kwenye Local Resources ya Remote Desktop. Ile sehemu ya Drives inapitisha diski na fleshi, na kifunguo si diski, kwa hiyo hukioni kwenye orodha.

Mimi napendelea VNC, kwa sababu inaonyesha kioo kilekile cha dukani na programu inajiona imefunguliwa hapahapa. Ila fanya kwa mpangilio huu. Dada, funga programu, kisha ukate Remote Desktop kabisa. Ingia kwa VNC, utakuta kioo kimefungwa, weka nywila ya Windows. Hapo ndipo ufungue programu upya. Ukiiacha wazi kutoka kwenye Remote Desktop, itaendelea kukataa hata ukiwa ndani ya VNC. Ifunge, halafu uifungue.

Na weka nywila ngumu kwenye VNC, kompyuta hiyo ina kazi za wateja.

Kama mnataka watu wawili wachore kwa wakati mmoja, VNC haisaidii, kioo ni kimoja. Hapo mwombeni aliyewauzia leseni ya mtandao, na kwenye kompyuta yenye kifunguo ruhusuni mlango wa mtandao namba 1947 kwenye ukuta wa kinga wa Windows. Na ikitoka H0007 badala ya H0027, hiyo ni kifunguo hakijaonekana kabisa. Rudini kwenye taa.