Kusoma grafu ya kusomba udongo: kata, jaza, na udongo wa kuongeza

Karibuni. Leo tunafungua grafu ya barabara ya kilomita 2, mfano niliotunga mwenyewe ili hesabu zikae vizuri. Mita 800 za kwanza ni kilima cha kukatwa, na 1,200 zilizobaki ni bonde la kujazwa tuta.

Kwanza tuupate ujazo. Kilima kina mita za ujazo 20,000 za udongo ambao haujaguswa. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, maana wanaiandika 20,000 ile ile kwenye grafu. Udongo ukishindiliwa hupungua. Huu wa kwetu, kwa vipimo vya maabara, unabaki asilimia 90, kwa hiyo kilima kinatupa 18,000 tu za tuta. Kama juu kuna udongo wa mbuga, utoe kabisa kwenye hesabu, haufai kujazia.

Sasa tazama mstari wa grafu, unaojumlisha udongo uliokatwa na kutoa uliojazwa kadiri tunavyosonga mbele barabarani. Unaanzia sifuri, unapanda kadiri tunavyokata, na kwenye mita 800 unafika kilele cha 18,000. Kilele hicho ndipo kukata kunapokoma na kujaza kunaanza. Kisha unashuka, kwa sababu tuta linahitaji 24,000, yaani 20 kwa kila mita ya barabara. Kwenye mita 1,700 mstari unagusa sifuri tena: udongo wa kilima umekwisha. Ukifika mwisho, uko 6,000 chini ya sifuri.

Hizo 6,000 ndizo za kuchimba kwingine, lakini ni ujazo wa tuta lililoshindiliwa. Kwenye machimbo gawanya kwa 0.9, utapata karibu 6,670. Aliyesahau asilimia 90 angeona upungufu wa 4,000 tu, kisha tuta limuishie njiani na tipa zimeshaondoka.

Tuje kwenye umbali. Chukua eneo lililo kati ya mstari na sifuri, kuanzia 0 hadi 1,700. Kwetu ni pembetatu: nusu ya 1,700 mara 18,000, sawa na 15,300,000. Gawanya kwa 18,000, unapata mita 850. Huo ndio wastani wa kusomba. Uhakiki bila grafu: katikati ya kilima ni mita 400, katikati ya tuta lililojazwa kwa udongo wake ni 1,250. Tofauti ni 850. Zikikataana, rudi kwenye ujazo.

Tuta lililobaki, 1,700 hadi 2,000, lina kitovu mita 1,850. Tuseme machimbo yako kilomita 1 kutoka mwisho wa barabara: ongeza 150, unapata mita 1,150. Kwenye orodha ya bei, andika safari hii kwenye mstari wake peke yake. Ukiichanganya na ile ya 850, bei ya kusomba itakosea kote kuwili, na mkandarasi ataiona kabla yako.